Kucha, Kiganja, Kuburuta

Sauti iliyotumwa kwenye simu ya mjomba ilikuwa na urefu wa sekunde 11. Ndani yake hamkuwa na neno, wala kinanda, wala mtu wa kuguna. Kulikuwa na mtu anagonga meza. Aligonga kwa kucha palipokuwa pepesi, kwa kiganja palipokuwa pazito, na mara mbili akaburuta kiganja juu ya ubao kama anayefuta unga. Halafu akawika jogoo wa jirani yake, na ujumbe ukaishia hapo.

Aliyetuma ni mpiga kinanda wa kikundi kimoja cha taarab hapa Tanga. Mahadhi yake mapya yalikuwa ya harusi, na mahadhi mapya hayatembezwi kabla ya siku yake. Ukiyaguna kwenye simu leo, kesho kutwa unayasikia kwa wenzako. Kwa hiyo alimpa mtunzi mifupa tu, nyama akabaki nayo mwenyewe. Nilidhani mjomba atanung'unika. Akafurahi.

"Akiniimbia la-la-la," alisema, "mdomo wake umeshanichagulia irabu. Nitajikuta najaza a zake. Meza haina irabu."

Alisikiliza mara nne, mkono wake wa kushoto ukipiga goti. Kisha akachukua daftari la mistari na penseli, akaandika: nukta kwa kucha, duara kwa kiganja, na duara lenye mkia kwa kiganja kilichoburutwa. Kwa maneno ya mdomo, alichoandika kinasomeka hivi:

ta ta TA ta ta ta TAA ta,
ta TA ta ta TAA.

Mapigo 13. Kipande cha kwanza kina manane, na uzito wake uko kwenye la tatu na la saba. Kipande cha pili kina matano, na uzito uko kwenye la pili na la tano. Hilo la tano ndilo mwisho wa mshororo, na ndilo refu kuliko yote: goti la mjomba lilipigwa mara tatu kabla halijaisha. Hapo ndipo mwimbaji atakapopata nafasi ya kuicheza sauti yake, na hapo ndipo wanawake ukumbini watakapoinuka kwenda kumtuza.

"Haya," akanisogezea daftari. "Wewe si umesoma? Anza."

Mimi mizani nilifundishwa shuleni, kama wengi wetu. Silabi moja, mzani mmoja; ukwapi na utao; nane kwa nane ndiyo desturi ya shairi, na nane peke yake ndiyo ya utenzi. Mada tulishapewa: mke anamngoja mumewe aliyesafiri, usiku, na taa ya mafuta. Nikaandika, nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena:

Mafuta yamekauka, mwanga hafifu.

Ma-fu-ta-ya-me-ka-u-ka, nane. Mwa-nga-ha-fi-fu, tano. Nikamrudishia daftari nikiwa nimejiridhisha.

Mjomba hakusema kitu. Alichukua kiberiti, akaanza kukigonga mezani kwa mpigo ule ule, na akayatamka maneno yangu juu yake, polepole, kila silabi ikikaa kwenye pigo lake. Kikatoka hiki: mafuTA yamekaUka, mwaNGA hafiFU.

"Huyu anayezungumza ni mwenyeji wa wapi?" akauliza.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi na mshororo ulikuwa mbovu. Ubovu wenyewe unatokana na jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili analijua kwa ulimi bila kulijua kwa akili: mkazo wa neno letu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. MaFUta, sio mafuTA. HaFIfu, sio hafiFU. Maneno yanayokiuka ni ya kuhesabika, na yanayobadilika maana kwa mkazo ni machache zaidi; mfano wa darasani ni barabara, ambayo ikikazwa kwenye ra ya kwanza ina maana ya sawasawa, na ikikazwa kwenye ba ya pili ni njia ya magari. Lakini hata pale maana isipobadilika, sikio hushtuka. Neno lililokazwa pasipo pake linasikika kama limetamkwa na mgeni, na msikilizaji anapoteza nusu ya pigo akilitambua. Katika wimbo nusu ya pigo ni kubwa. Akishalitambua "mafuta," mwimbaji keshafika kwenye "hafifu."

Hapo nilielewa kwa nini tulivyosoma mizani ni nusu ya habari. Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, hakutenganisha shairi na kuimbwa. Kwake utungo usioimbika haukustahili jina. Sisi wa madarasani tukachukua hesabu, kuimba tukakuacha mlangoni. Katika nane kwa nane kosa hili halionekani upesi, kwa sababu mahadhi mengi ya mashairi yetu yamekulia ndani ya lugha yenyewe: yanaishia pepesi, kama maneno yetu yanavyoishia pepesi. Unahesabu, na mkazo unajipanga wenyewe bila ya wewe kuuangalia. Siku mahadhi yanapotoka kwingine, ndipo unapoumbuka.

Waimbaji wa kanisani wanalijua hili kuliko wengi. Juu ya tenzi nyingi zilizotoka Ulaya, katika vitabu vya noti, huandikwa tarakimu kama 8.7.8.7, maana yake mstari wa silabi nane, kisha saba, kisha nane, kisha saba. Mfasiri anayetazama tarakimu peke yake anaweza kupata saba zake vizuri kabisa. Lakini ule mstari wa saba, katika mahadhi yanayoanza kwa uzito, unaishia kwa uzito: pigo la kwanza, la tatu, la tano, la saba. Neno la Kiswahili linataka uzito kwenye la sita. Ndiyo maana Jumapili utasikia watu mia tatu wakivuta kwa nguvu zote silabi ambayo wakitoka nje ya kanisa hawataivuta hata mmoja wao. Wamezoea. Mjomba, ambaye si wa kanisani, huwasikia kutoka barazani kwake na hukunja uso.

Mombasa shida hii iliingia kwa mlango wa sinema. Mohamed Khamis Juma Bhalo alijulikana pwani nzima kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, na Kihindi kina maneno mengi yanayoishia irabu ndefu. Mahadhi yaliyoshonwa kwa mwili huo yana mikono mirefu, na anayetaka kumvisha Mswahili inabidi apunguze au atafute Mswahili mwenye mikono mirefu. Mjomba anasema vijana wa rika lake Tanga, enzi za Black Star na Lucky Star, walikuwa wakisikiliza nyimbo kama hizo redioni usiku si kwa ajili ya maneno tu, bali kuona mtunzi katokaje.

Basi turudi mezani. Kipande cha kwanza cha mpiga kinanda hakikuwa na tabu. Uzito kwenye la tatu na la saba katika mapigo manane ni umbo ambalo Kiswahili kinalipenda: neno la silabi nne likifuatwa na jingine la silabi nne, na mambo yanakaa. Tabu yote ilikuwa kwenye kipande cha pili, kwenye lile pigo la mwisho, zito, refu, lisilo na pepesi nyuma yake. Lugha ambayo kila neno linaishia pepesi utaifikishaje hapo?

Mjomba alinionyesha milango mitatu, na miwili aliifunga mwenyewe.

Wa kwanza ni neno la silabi moja. Tunayo, lakini hayajazi hata kiganja: tu, si, na, la. "Tu" inaweza kusimama mwisho wa mshororo na kubeba uzito bila kuchekesha. Ila utaimba "tu" kwenye mshororo wa kwanza, wa pili utarudia, wa tatu watu watadhani umeishiwa, na watakuwa wamedhani sawa.

Wa pili ni kulipasua pigo la mwisho: mahali pa TAA moja, mwimbaji aimbe TA-ta, na neno lolote lenye mkazo wa kawaida litaingia. Hii ndiyo njia ya wengi na si haramu. Lakini mpiga kinanda hakuburuta kiganja chake kwa bahati mbaya. Amelifanya pigo lile kuwa refu ili sauti ikae juu yake. Ukilipasua kwa silabi mbili zenye konsonanti katikati, mwimbaji atalazimika kufunga mdomo pale alipotakiwa kuufungua. Umepata neno, umemvunjia nyumba mwenzako.

Wa tatu ndio nilioukalia kitako.

"Taja maneno yanayoishia na a mbili," alisema.

"Taa," nikasema. "Kaa. Njaa. Mtaa."

"Taa ina mizani mingapi?"

"Miwili. Ta, a."

"Na mkazo?"

Nikanyamaza. Mkazo uko kwenye ta, silabi ya pili kutoka mwisho, kama sheria inavyotaka. Na silabi ya mwisho ni a, irabu ile ile, bila konsonanti ya kuitenga. Kwenye karatasi ni mizani miwili. Kwenye koo ni sauti moja ndefu inayoanza kwa uzito na kumalizikia mle mle. Ukiiweka kwenye kiganja kilichoburutwa, nusu ya kwanza inapokea pigo na nusu ya pili inapokea mburuto. Lugha haijavunjwa, na mahadhi hayajavunjwa. Mshororo una mapigo 13 na mizani 14, na hakuna aliyedanganya hesabu.

Asili ya maneno haya nayo inapendeza. Mengi ya hizi aa zetu ni kidonda kilichopona. Zamani palikuwa na l katikati, na ndugu zetu wengine wa Kibantu bado wanayo: njaa yetu ni njala kwa Wachewa na enjala kwa Waganda, na kukaa kwetu ni kukala kwa Wagiriama. Kiswahili kiliitupa ile l na irabu mbili zikabaki zimekaa ubavu kwa ubavu, kila moja na kiti chake. Yaani mtunzi anayelikimbilia neno "njaa" kuokoa mshororo wake anatumia nafasi iliyoachwa wazi na konsonanti iliyohama kabla hata taarab haijazaliwa. Nilimwambia mjomba hivyo. Akasema yeye anachojua ni kwamba inaimbika.

Kwa hiyo kina cha mwisho kilijichagua chenyewe: kitakuwa aa, ubeti mzima. Na umbo la kipande cha pili likajulikana kabla hata ya maneno: neno la silabi tatu, au vineno viwili vya kuunda tatu, mkazo ukiwa katikati, kisha silabi moja pepesi, kisha aa. Mjomba aliandika pembeni safu ya maneno kama mwanamke anayechambua mchele: taa, saa, jaa, paa, kukaa, makaa, kataa, shangaa, zagaa, hadaa, duwaa, bidhaa, balaa, shujaa, dagaa. "Dagaa" akaizungushia duara, akacheka, akaifuta.

Kisha akaanza na kile kilichokuwa karibu. Mke yuko peke yake na taa. Ni mimi na taa. Ni MI-mi na TAA. Pigo la pili, pigo la tano. Hakuhitaji kugusa kitu. Ni maneno ambayo mtu angeyasema hivyo hivyo akiulizwa na jirani usiku ule amekaa na nani. Mbele yake akaweka "tumekosa usingizi," tu-me-KO-sa u-si-NGI-zi, uzito kwenye la tatu na la saba. Nilipenda ile "tumekosa": ni yeye na taa, wote wawili hawajalala. Kina cha kati kikawa zi.

Mshororo wa pili aliuanza kwa mafuta yangu, maana hakutaka nione nimetupwa. Alitanguliza "na" mbele, basi. Na ma-FU-ta: silabi moja tu imeongezwa kichwani, na mkazo wote umesogea kutoka pigo la pili hadi la tatu. Dakika kumi nilizozipoteza kuhesabu vidole zilitibiwa kwa herufi mbili. Kwa kina cha zi akaweka "siongezi": na ma-FU-ta si-o-NGE-zi. Hapo akaandika kijistari kati ya si na o. Katika maneno ya haraka hizi mbili huungana zikawa kitu kama "syongezi," na mshororo unabaki na saba. Mwimbaji anafika kwenye pigo la nane hana cha kuimba, anameza mate. Kijistari ni cha kumkumbusha kuwa o inataka pigo lake yenyewe.

Kwenye utao alitaka kusema kuwa utambi umechakaa. "Utambi umechakaa" ni mizani minane, na nafasi ni ya sita. Mtunzi anaruhusiwa kukata, inaitwa inkisari, na watu hukata: aliyekuja huwa alokuja, mwana wangu huwa mwanangu. Alijaribu "utambi chakaa." Mizani sita, mikazo mahali pake, u-TA-mbi cha-KAA. Akalitazama, akalisema kwa sauti, akalisema tena.

"Hapana. Huu sasa unauamrisha utambi uchakae."

Ni kweli, kitenzi kilichonyolewa viambishi vyake vyote kinabaki kuwa amri. Inkisari inakata kidole, haikati mkono. Alirudi kwenye safu yake ya pembeni, akashuka na penseli neno kwa neno, akasimama kwenye makaa. Utambi makaa. Hakuna kitenzi, hakuna cha kukatwa. Nuru imekufa na kilichobaki ni jiwe dogo jeusi lenye wekundu ndani. Nadhani ni neno bora kuliko lile alilolitafuta, na lisingekuja kama "umechakaa" lingeenea.

Wa tatu ndio niliousubiri kwa hamu, kwa sababu alitaka mlango ndani yake, na mlango una m. M inayokaa mbele ya konsonanti, kama katika mlango, mtu au mpenzi, ni silabi kamili: m-la-ngo. Tofauti na mw ya mwana, ambayo imeshikana na irabu yake, hii imesimama peke yake na inadai mzani wake. Watoto wa shule hukosea hapa kila mwaka. Lakini mwimbaji ana shida nyingine nayo: ni silabi isiyo na irabu. Huiimbi ukiwa umefungua mdomo. Midomo imebanwa na sauti inatokea puani. Kwenye pigo jepesi inapita na hata inapendeza. Kwenye pigo zito inakuwa gunzi kooni. Na kuna neno ambalo mkazo wake wenyewe umekaa juu ya m: ni mtu. M-tu, silabi mbili, ya pili kutoka mwisho ni m. Ukilipeleka "mtu" mwisho wa mshororo kwenye pigo la kuburuta, umemwambia mwimbaji ashangilie akiwa amefumba mdomo.

Mjomba akaandika: Mlangoni si mpenzi. M-la-NGO-ni si m-PE-nzi. Hesabu: m ya kwanza iko kwenye pigo la kwanza, pepesi, m ya pili iko kwenye pigo la sita, pepesi. Mazito yote mawili, la tatu na la saba, yamepata irabu wazi, ngo na pe. Alipomaliza aliinua kichwa kuona kama nimeona.

Nimeona, nikamwambia, lakini pia nimeona kuwa kina chake ni nzi na wenzake ni zi. Mkali wa vina angelisema: silabi ya mwisho ya mpenzi ni nzi, na nzi si zi, na ubeti huu ni guni. Mjomba alikubali kuwa ni kweli, akasema shairi hili haliendi kwenye mashindano, linaenda harusini, na kwamba kina cha kati kinapita kwa kasi. Sijashawishika sana. Lakini sikuwa na neno bora la kumpa, na utao wake ulikuwa umeshaniteka: ni paka wa jaa. Ni PA-ka wa JAA. Mwanamke amesikia kitu mlangoni, roho imemruka, kafungua, kakuta paka wa jalalani. Utunzi wa mapenzi una maua na lulu za kutosha; paka huyu alikuwa haba.

Mshororo wa nne aliuandika bila kufuta chochote, nikajua kuwa alikuwa nao kichwani tangu mwanzo na mengine yote yalikuwa njia ya kuufikia. Ubeti mzima ukasimama hivi:

Tumekosa usingizi, ni mimi na taa,
Na mafuta siongezi, utambi makaa,
Mlangoni si mpenzi, ni paka wa jaa,
Ukirudi siulizi, karibu kukaa.

Saa mbili na robo zilikuwa zimepita, na chai yetu imeota ngozi. Kazi hata hivyo haikuwa imeisha, maana mjomba hamwamini mtunzi anayejigongea mwenyewe. Ukijua mpigo, ulimi wako unakubeba. Unasukuma mkazo mahali unapotakiwa bila kujisikia, na kila mshororo unaonekana umekaa. Kwa hiyo alimwita binti wa jirani, wa darasa la sita, aliyekuwa akipita na ndoo.

"Mwanangu, hebu nisomee hapa. Usiimbe. Soma kama barua."

"Shikamoo babu," akasema, akaweka ndoo chini, akasoma. Mjomba alifumba macho na kila sauti ya binti ilipopanda aligonga kiberiti. Hakufuata daftari, alimfuata mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa na daftari, nikitazama kama mapigo ya kiberiti yanaangukia kwenye maduara. Mshororo wa kwanza, yote manne. Wa pili, yote manne. Wa tatu, binti alisita kidogo kwenye "jaa," akauliza ni jalala, akaambiwa ndiyo, akasoma tena: yote manne. Wa nne alisoma "siulizi" kwa silabi tatu, "syulizi," kama watu wanavyosema. Mjomba akafumbua macho, akachukua penseli, akaongeza kijistari kati ya si na u.

Jioni alimpigia mpiga kinanda, na badala ya kumsomea maneno alimtaka amgongee tena mahadhi, moja kwa moja, simu ikiwa wazi. Kucha, kucha, kiganja. Mjomba akaingiza maneno juu ya meza ya mtu aliye upande wa pili wa mji. Alipofika kwenye "taa" alibaki kwenye a yake, akaacha sauti ipande na kushuka yenyewe mpaka kiganja cha kule kikaisha kuburutwa. Kule hakukusemwa kitu. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke, ambaye hatukujua kuwa alikuwepo, mwimbaji mwenyewe, akiomba arudiwe mshororo wa mwisho ili auandike.

"Na ubeti wa pili, shehe wangu, lini?"

"Ijumaa, inshallah."

Alikata simu, akafungua ukurasa mpya, akaandika upya yale mapigo 13 juu yake. Chini akaandika safu yake ya maneno, mara hii bila taa, makaa, jaa na kukaa, kwa kuwa yalishatumika. Akafuta balaa, ni la kila mtu, alisema. Akafuta bidhaa. Akabakisha saa, paa, kataa, shangaa, zagaa, hadaa, duwaa, shujaa. Penseli ikarudi juu, ikatua kwenye saa, na kiberiti kikaanza kugonga.